Shajara ya mradi: mteja hai ni nani?

Jumatatu, 7 Oktoba 2024, Lubumbashi

Leo asubuhi mkubwa aliniita ofisini kwake. Mezani kulikuwa na karatasi tatu. Mkopeshaji wetu alikuwa ameuliza swali la mstari mmoja tu: mwisho wa Septemba mlikuwa na wateja hai wangapi? Mkubwa aliuliza idara tatu, na majibu yakaja matatu. Papa wa biashara, yule baba anayesimamia mauzo, aliandika 4,860. Mama Kontabule, mhasibu wetu, akaandika 2,934. Fundi mkuu akaandika 3,714.

"Nani anadanganya?" aliuliza mkubwa. Nilimwambia sidhani kama kuna anayedanganya. Akanipa mwezi mmoja wa kuleta namba moja, na hati itakayofanya mwezi ujao watu watatu waliokaa vyumba vitatu wafike penye namba ileile bila kupigiana simu.

Kwa atakayesoma shajara hii baadaye, biashara yetu ni hii. Tunauza seti za sola kwa mkopo: paneli, betri, taa nne na mahali pa kuchajia simu. Makao yako hapa Lubumbashi, na tuna maduka Likasi, Kolwezi na Kasenga. Mteja analipa kidogo kidogo kwa pesa ya simu. Kila akilipa anatumiwa ujumbe wenye namba za kufungulia, anazibonyeza kwenye kisanduku cha betri, na taa zinawaka kwa siku alizolipia. Siku zikiisha, kisanduku kinajifunga na nyumba inabaki giza. Akimaliza bei yote anapewa namba ya mwisho, na tangu hapo kisanduku hakijifungi tena.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekaa na kila mmoja, saa moja kwa kila mtu, nikamwomba anionyeshe anavyohesabu kwa mikono yake mwenyewe. Sikutaka maelezo. Nilitaka kuona faili gani anafungua, mstari gani anafuta, na anabonyeza wapi.

Papa wa biashara anachukua seti zote zilizotoka ghalani tangu siku ya kwanza, anatoa zilizorudishwa, zinazobaki anaziita wateja hai. Mtu ambaye hajalipa tangu mwaka jana bado yumo. "Seti yetu iko kwake," aliniambia, "kwa hiyo ni mteja wetu."

Mama Kontabule anafungua faili la malipo ya mwezi na kuhesabu namba za simu zilizolipa. Kwake hai maana yake ni fedha iliyoingia.

Fundi mkuu anauliza kompyuta: usiku wa tarehe 30 seti ngapi zilikuwa zimefunguka? Kwake hai ni taa inayowaka.

Mwamba ngoma huvutia kwake, sawa. Ila nilichokiona ni kwamba hawa watatu hawatofautiani katika kujumlisha. Kila mmoja anajibu swali lake. Wanatofautiana hata katika kitu wanachokihesabu: mmoja anahesabu seti, mwingine namba za simu, wa tatu seti lakini kwa saa fulani ya usiku. Kabla ya kubishana juu ya neno "hai" inabidi tukubaliane juu ya neno "mteja".

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku nzima ya neno "mteja".

Namba ya simu haifai. Kuna mama mmoja wa Katuba mwenye seti tatu, yake, ya mkwe wake na ya duka, na zote anazilipia kwa simu moja. Kwa Mama Kontabule huyo ni mmoja, kwa papa wa biashara ni watatu. Kule Kasenga ajenti wetu analipia watu kwa simu yake mwenyewe, wanampa fedha mkononi: namba yake peke yake ililipia seti 41 mwezi wa tisa. Halafu kuna upande wa pili, unaoongeza badala ya kupunguza: namba ileile imeandikwa kwa 0 mwanzoni katika faili moja na kwa +243 katika lingine, na kompyuta inaona watu wawili. Nilipozinyoosha zote ziwe na umbo moja, 2,934 zilishuka hadi 2,871. Makosa mawili yalikuwa yanavutana, moja linapunguza na lingine linaongeza, ndiyo maana namba ilionekana kuwa ya kuaminika miaka yote hii.

Seti nayo haifai. Betri ikifa ndani ya muda wa dhamana tunabadilisha kisanduku kizima, na kisanduku kipya kina namba yake. Katika daftari la biashara hilo linaandikwa kama seti moja iliyorudi na seti moja mpya iliyotoka. Mteja hajaenda popote, lakini sisi tumeandika amepotea mmoja na amezaliwa mmoja.

Tumekubaliana kuhesabu mkataba. Mkataba una namba isiyobadilika, kisanduku kikibadilishwa au simu ikibadilishwa mkataba ni uleule. Mama wa Katuba ana mikataba mitatu. Papa wa biashara alifurahi, Mama Kontabule alinung'unika kidogo kwamba sasa tunahesabu karatasi badala ya watu. Ana haki. Mtu akituuliza siku moja tunahudumia nyumba ngapi, mkataba hautatoa jibu. Nimeliandika hilo wazi kwenye hati: hii si hesabu ya watu wala ya nyumba.

Nikahesabu malipo ya Septemba upya kwa mikataba badala ya simu. Mikataba iliyopata malipo angalau mara moja ni 3,155.

Jumanne, 15 Oktoba

Leo nimefanya zoezi ambalo natamani ningeanza nalo siku ya kwanza.

Nilichagua mikataba 12 migumu kutoka kwenye daftari, nikaandika historia ya kila mmoja kwenye karatasi: siku ya kuchukua seti, kila malipo, kila siku ya giza. Nikawapa wote watatu nakala, kila mtu peke yake, bila kompyuta. Swali: usiku wa tarehe 30 Septemba, huyu ni hai, amepotea, au ni kitu kingine? Walikubaliana kwa mitano. Saba ikawa kelele, na kelele hizo zimetufundisha kuliko mikutano yote iliyopita.

Huyu hapa mmoja. Ni muuza samaki wa Kasenga. Tarehe 20 Julai aliuza vizuri, akalipia siku 90 kwa mara moja. Siku zake zinaisha 18 Oktoba. Agosti hakulipa, Septemba hakulipa, na hakuwa na sababu ya kulipa. Mama Kontabule aliandika "amepotea tangu Agosti". Fundi aliandika "hai". Mtu amelipa kabla ya wengine wote, na sisi tunamwita mtoro.

Wa pili ndiye aliyenyamazisha chumba. Mkataba wa Ruashi, mwalimu, alilipa kila wiki bila kukosa, na tarehe 22 Agosti akamaliza deni lote. Papa wa biashara: hai, bila shaka, huyu ni mteja bora. Fundi: hai, seti imefunguka. Mama Kontabule: amepotea, Septemba hakuna malipo. Nilimuuliza papa wa biashara, huyu atatuletea franka ngapi mwezi ujao? Sifuri. Na tukimwandika aliyepotea, tunasema nini juu ya kazi yetu? Kwamba tumeshindwa. Ilhali hapa ndipo tulipofaulu!

Hapo sote tuliona kwamba maneno mawili, hai na amepotea, hayatoshi. Ukigawa dunia pande mbili tu, aliyemaliza deni lazima aangukie upande mmoja, na kila upande ni uongo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Hali tano, na kila mkataba uko katika moja tu kati ya hizo mwisho wa kila siku:

Ana siku: amelipia na muda wake haujaisha. Huyu ndiye hai, na neno hai halitumiki kwa mwingine yeyote. Gizani: siku zimeisha, lakini bado hatujakata tamaa. Amepotea: giza limezidi kikomo. Amerudisha: seti imerudi dukani, ama kaileta mwenyewe ama tumeichukua. Amemaliza: deni limekwisha.

Kilichochukua muda ni kukubali kwamba asiye hai si lazima awe amepotea. Katikati pana chumba, nacho ni giza. Papa wa biashara alitaka gizani wahesabiwe hai, Mama Kontabule alitaka wahesabiwe wamepotea, na suluhu haikuwa kukata embe katikati bali kuwapa jina lao.

Jambo la pili tulilokubali: kigezo ni siku zilizolipiwa, si tarehe ya malipo. Ukiuliza "nani kalipa ndani ya siku 30", unamwadhibu kila anayelipa kwa mkupuo, na kwetu hao ni wengi: wavuvi, wakulima wakivuna mahindi, vijana wa machimbo ya Kolwezi ambao fedha yao haina ratiba. Septemba mikataba 187 ilikuwa na siku bila kulipa chochote mwezi huo.

Mpaka wa hesabu hii pia umeandikwa. Visanduku vyetu havina laini ya simu ndani. Tunajua tumetuma namba za kufungulia, hatujui kama mteja amezibonyeza, wala kama taa inawaka au imevunjika. "Hai" yetu ni hai ya malipo. Fundi hakuipenda sentensi hiyo lakini ameiacha.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kikomo cha giza. Siku ngapi?

Kila mtu alikuwa na namba yake mfukoni: 30, kwa sababu mwezi una siku 30, 90, kwa sababu mtu aliisikia mahali. Badala ya kupiga kura nilichukua vipindi vyote vya giza vilivyoanza kati ya Januari 2023 na mwisho wa Juni 2024, nikaangalia kila kimoja kiliishaje. Sikuchukua Julai hadi Septemba, na sababu ni hii: giza lililoanza tarehe 20 Septemba halijapewa muda wa kuisha. Ukiliingiza, linaonekana kama mtu asiyerudi, kumbe hatujasubiri. Nilitaka kila kipindi kiwe na angalau siku 90 za kufuatiliwa.

Kwa kila nyumba 100 zilizoingia gizani, 74 zilirudi ndani ya wiki moja. Hadi siku ya 14 zilikuwa zimerudi 84, hadi siku ya 30 zikawa 91, hadi siku ya 60 zikawa 93, na hadi siku ya 90 zikawa 94.

Ukiziangalia hivyo, siku 30 zinaonekana kutosha, maana 91 wamesharudi. Ndivyo papa wa biashara alivyosema, na hata mimi nilikaribia kukubali. Lakini swali letu si wangapi wamerudi. Swali letu ni: huyu ambaye bado yuko gizani leo, nikimwita amepotea, nitakosea mara ngapi? Siku ya 30 wamebaki 9, na kati yao 3 watarudi kabla ya siku ya 90. Ukimwita aliyepotea siku ya 30 unakosea mara moja katika kila tatu. Siku ya 60 wamebaki 7, na atarudi 1. Unakosea mara moja katika saba.

Tumechukua 60. Gharama yake ni kwamba habari ya kupotea inatufikia miezi miwili baada ya taa kuzimika. Mkubwa alikuja juu: "Mtu yuko gizani siku hamsini, mnakaa kumtazama?" Hapana. Ajenti anapata orodha ya walio gizani siku 7 kila Jumatatu na anawatembelea. Orodha hiyo ni ya kazi, na inaruhusiwa kukosea, kwa sababu ikikosea hasara ni safari moja ya pikipiki. Namba ya mwezi ni ya hesabu. Tulikuwa tunataka kipimo kimoja kifanye kazi zote mbili, ndiyo maana hakikufanya hata moja.

Kasenga inanisumbua bado. Huko wanaorudi baada ya siku 60 ni wengi kuliko mjini. Nilifikiria kuwapa kikomo chao, nikaacha. Vikomo viwili maana yake siku moja mtu atajumlisha Kasenga na Kampemba ya hapa mjini bila kujua anajumlisha vitu viwili tofauti. Tutatumia 60 kila mahali na kuonyesha waliorudi kwenye mstari wao.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo ni mambo ya saa. Nilidhani ni ya dakika kumi, yamekula siku mbili.

Nilipohesabu seti zilizofunguka usiku wa tarehe 30 Septemba nilipata 3,718. Fundi alikuwa na 3,714. Tofauti ya nne. Tofauti ya elfu ungeitafuta kwa hasira na kuipata. Ya nne inakufanya useme "basi, karibu sawa", na mwezi ujao ni saba, na watu wanaanza tena kutoaminiana.

Kongo ina saa mbili. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Faili la malipo linaletwa likiwa limeandikwa kwa saa ya Kinshasa. Kompyuta inayohifadhi mikataba inaandika kwa saa ya dunia, ile UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa mbili. Fundi alipouliza "usiku wa manane", kompyuta ilijibu kwa usiku wa manane wake, ambao hapa ni saa nane za usiku. Katika saa zile mbili seti nne ziliishiwa siku na kujifunga. Hakuna aliyeamka kulipa.

Siku yetu sasa inaanza na kuisha saa sita ya usiku ya Lubumbashi, hata kama siku moja tutafungua duka Kinshasa. Kwenye kompyuta saa hiyo ina jina, `Africa/Lubumbashi`, na linaandikwa kila mahali tarehe inapotolewa kwenye saa.

Pia nilikuta hesabu ya Mama Kontabule inachukua malipo "kati ya tarehe 1 na tarehe 30". Kompyuta inasoma "tarehe 30" kama sekunde ya kwanza ya siku hiyo, kwa hiyo malipo yote ya tarehe 30 yenyewe yanabaki nje, isipokuwa yaliyoingia sekunde hiyo hasa. Faili lake la Septemba lilipona kwa bahati, kwa sababu alilipokea likiwa limeshakatwa kwa mwezi. La Juni halikupona. Sasa tunaandika: kuanzia tarehe 1 ya mwezi, hadi kabla ya tarehe 1 ya mwezi unaofuata.

Jumatatu, 4 Novemba

Kanuni imeandikwa mara moja, mahali pamoja, na wote wanasoma hapo:

```sql
CASE
  WHEN returned_on   <= d THEN 'amerudisha'
  WHEN finished_on   <= d THEN 'amemaliza'
  WHEN credit_end_on >  d THEN 'ana_siku'
  WHEN d - credit_end_on <= 60 THEN 'gizani'
  ELSE 'amepotea'
END
```

Herufi `d` ni siku tunayoiulizia, `credit_end_on` ni siku ambayo taa zinazimika. Mpangilio wa mistari una maana: aliyemaliza anapimwa kabla ya kuangaliwa siku zake, la sivyo mwalimu wa Ruashi angerudi kuwa gizani. Na siku ya 60 bado ni giza, ya 61 ndiyo kupotea. Mkataba mmoja katika ile 12 uliishiwa siku tarehe 1 Agosti, ukafika siku ya 60 hasa tarehe 30 Septemba. Nilikuwa nimeuweka makusudi.

Mchana nikaendesha Septemba upya ili nimwonyeshe mkubwa. Hai ilitoka 3,431. Wiki iliyopita ilikuwa 3,076. Mwezi umeshapita, hakuna anayeweza kurudi Septemba akalipe, na namba imepanda kwa 355!

Nilikaa nayo hadi jioni, bukari ikapoa. Kosa halikuwa kwenye kanuni. Wiki iliyopita nilikuwa nimejenga tarehe ya kuzimika kwa mkono, kutoka kwenye malipo ya hadi 30 Septemba tu. Leo nilisoma safu iliyoko kwenye daftari la mikataba, na safu hiyo inafutwa na kuandikwa upya kila mteja anapolipa. Mtu aliyekuwa gizani 30 Septemba, akalipa tarehe 10 Oktoba hadi katikati ya Novemba, daftari linasema siku zake zinaisha Novemba. Ukiuliza kuhusu Septemba kwa kutumia safu ya leo, anaonekana hakuwahi kuwa gizani. Yaani kadiri unavyochelewa kuhesabu, ndivyo mwezi uliopita unavyopendeza.

Dawa: kila usiku kompyuta inanakili hali ya kila mkataba kwenye jedwali lenye tarehe, na mstari ukishaandikwa hauguswi. Kwa miezi ya nyuma nimejenga upya kutoka kwenye malipo, nikichukua yale tu yaliyokuwa yameingia hadi siku ile. Namba imerudi 3,076. Kwa kuwa baadhi ya malipo hufika kwenye faili siku mbili tatu baadaye, mwezi unafungwa tarehe 5, si tarehe 1. Malipo yanayofika baada ya hapo yanaingia mwezi wa kufika.

Ijumaa, 8 Novemba

Sasa kupotea, maana baadaye mkopeshaji aliuliza na hilo.

Ripoti ya zamani: waliolipa Agosti wasiolipa Septemba, gawa kwa waliolipa Agosti. Niliihesabu upya kwa mikataba. Waliolipa Agosti ni 3,121, wasioonekana Septemba ni 389, yaani asilimia 12.5. Namba ya kutisha. Nikaiweka chini ya zile hali tano nione hao 389 ni nani. 38 walikuwa wamemaliza deni mwezi Agosti. 142 walikuwa na siku walizolipia mapema. 200 wako gizani, na wengi wao watarudi. Waliorudisha seti ni 9. Kati ya 389 waliohesabiwa kuwa hasara, ambao kweli tunaweza kusema wameondoka ni tisa.

Kwa hati mpya tunaanza na mikataba wazi: walio na siku pamoja na walio gizani. Mwisho wa Agosti ilikuwa 3,742. Septemba waliingia wapya 168, wakarudi 22 ambao tulishawaandika wamepotea. Walimaliza 35, walivuka siku ya 60 wakawa wamepotea 109, walirudisha seti 11.

3,742 + 168 + 22 − 35 − 109 − 11 = 3,777

Na ukihesabu kwa upande mwingine, moja kwa moja kutoka kwenye hali za 30 Septemba: ana siku 3,076, gizani 701, jumla 3,777. Mlinganyo huu ndio ninaoupenda kuliko kitu chochote katika mradi huu, kwa sababu hauna mdomo wa kujitetea. Namba mbili zimetoka njia mbili. Zisipokutana, mkataba fulani umebadilika hali bila kupita mlangoni, na unaweza kuutafuta kwa jina.

Kiwango cha kupotea: waliopotea na waliorudisha, gawa kwa waliokuwa wazi mwanzo wa mwezi. Kuna mtego mmoja. Kati ya wale 11 waliorudisha, wawili walichukua seti Septemba hiyohiyo. Hawakuwamo katika 3,742, basi hawawezi kuhesabiwa juu wakati hawapo chini. Tunabaki na 118 kwa 3,742, asilimia 3.2. Tukiwajumuisha wale wawili inatoka 3.2 vilevile, safari hii kanuni haikubadilisha kitu. Mwezi tutakaouza seti elfu moja kwa ofa itabadilisha.

Waliomaliza hawamo kwenye kupotea. Wana mstari wao, na papa wa biashara ameomba orodha yao. Anataka kuwauzia seti kubwa zenye televisheni.

Ile 4,860 ya mwanzo nayo imepata makao: 3,076 wana siku, 701 gizani, 642 wamemaliza, 441 wamepotea na seti zetu wanazo. Fundi: 3,076 na 642, ndiyo 3,718 yake baada ya kurekebisha saa. Namba za mwanzo hazikuwa za kutupa. Hazikuwa na majina tu.

Mkubwa aliuliza tumwambieje mkopeshaji, maana robo iliyopita aliambiwa asilimia 12. Nilisema tusimpe 3.2 peke yake, ataona tumepaka rangi. Tumempa miezi yote ya 2024 kwa kanuni mpya, kanuni ya zamani kando yake, na tarehe tuliyobadilisha.

Jumanne, 12 Novemba

Mtihani. Oktoba imefungwa tarehe 5. Jana niliwaomba wote watatu wahesabu kila mtu kwake, kwa hati mkononi, mimi nikiwa Likasi na simu nimezima.

Jana jioni nilikuta jumbe tatu. Hai: 3,118, 3,118, 3,118. Mikataba wazi: Mama Kontabule 3,802, fundi 3,802, papa wa biashara 3,803.

Tumeitafuta ile moja leo mchana na tumeipata. Ni nyumba ya Kamalondo. Baba alifariki mwezi wa kumi akiwa gizani siku chache, mjane akaja dukani kuendelea, na ajenti akamwandikia mkataba mpya kwa jina lake bila kuufunga ule wa marehemu. Papa wa biashara alihesabu kutoka kwenye karatasi za duka, ambako yote miwili ipo. Wenzake walisoma jedwali, ambako mkataba wa mjane ulikuwa haujaingizwa.

Tumekubaliana: mkataba unarithiwa pamoja na namba yake, jina ndilo linalobadilika. Namba ni 3,802. Mkataba wa Kamalondo nimeuongeza kwenye ile karatasi ya mikataba migumu, sasa ni 13. Kesho ajenti atarudi kwa mama yule kurekebisha karatasi, na nimemwomba apitie kwanza kutoa pole.